Watu watano na kitufe kimoja

"Tovuti yangu ya safari za mashua hapa Lamu inakaribia kuwa tayari. Nataka watu watano waijaribu. Niwaulize nini?"

Usiwaulize kama wameipenda, ndugu yangu. Watakusifu kwa adabu tu. Mpe kila mmoja simu akiwa peke yake, umwambie: "Weka nafasi ya watu wawili kwenda Manda kesho asubuhi." Kisha nyamaza, hata akikwama, na hapo ndipo pagumu. Andika alipobonyeza na alichosema.

Nilipojaribu tovuti yangu hivyo, watatu kati ya watano walisita penye kitufe cha "Endelea", wakihofia pesa zitakatwa papo hapo. Nikabadili kikawa "Angalia bei kwanza", nikawaita wengine wawili, wakapita moja kwa moja. Kilichomkwaza mmoja tu, kitazame kwa mwingine kabla hujabomoa ukurasa.