Kumtumia mkaguzi makabrasha ya kufunga mwaka: viambatisho vyenye namba na maswali yaliyobaki wazi

Mkaguzi akifungua barua pepe yako huanza na urari. Kisha anauliza, mstari kwa mstari: hii tarakimu imetoka wapi? Kwa hiyo kila faili unayoituma iwe jibu la mstari fulani wa urari, na barua yenyewe iseme ni mstari upi na ni shilingi ngapi. Wengi walio wageni kwenye kazi hii huandika tu "Tafadhali pokea viambatisho", kisha wanashangaa wiki mbili zinapita wakiulizwa mambo yaliyokuwa ndani ya faili walizokwisha tuma.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanzania, kampuni ndogo, iliyofunga mwaka tarehe 31 Desemba 2024.

Kabla hujaambatisha chochote, weka mezani hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2023 na ulinganishe salio la kufungia la kila akaunti ya mali, madeni na mtaji na salio la kufungulia la 2024. Mara nyingi hayalingani, na sababu ni ileile: marekebisho ambayo mkaguzi aliyafanya mwaka jana yaliingia kwenye hesabu zilizosainiwa, lakini hakuna aliyeyaingiza kwenye mfumo wa uhasibu. Dalili utaiona kwenye faida limbikizi. Ikipishana, omba orodha ya marekebisho yale, yaingize, ndipo utoe urari upya. Ukituma bila kufanya hivyo, kila kitu kitakachofuata kitarudiwa.

Urari utume kama faili ya Excel, kwa sababu mkaguzi anahitaji kujumlisha na kupanga mwenyewe. Taarifa ya benki ni kinyume chake: itume PDF kama ilivyotoka benki, kurasa zote, hata zile zisizo na muamala. Taarifa iliyonakiliwa kwenye Excel haina nguvu ya ushahidi, maana yeyote angeweza kuibadilisha. Barua ya benki ya kuthibitisha salio usiichukue wewe ukaiambatisha. Hiyo inatakiwa itoke benki moja kwa moja kwenda kwa mkaguzi. Kazi yako ni kuhakikisha barua ya kuiruhusu benki imesainiwa na wenye mamlaka ya kusaini kwenye akaunti.

Orodha ya viambatisho iandike ndani ya barua yenyewe. Namba ya kiambatisho iwe pia mwanzo wa jina la faili, namna hii:

```
01_Urari_31Des2024_v1.xlsx
02_Ulinganisho_Benki_Des2024_v1.xlsx
03_Taarifa_Benki_JanDes2024.pdf
04_Wadaiwa_31Des2024_v1.xlsx
05_Stoo_31Des2024_v1.xlsx
06_Wadai_31Des2024_v1.xlsx
```

Chini ya kila jina weka sentensi moja. Kwa kiambatisho namba 2 andika hivi: "Salio la vitabu 48,250,000, linalingana na urari. Salio la benki 51,730,000. Hundi zilizotolewa ambazo hazijapita benki 4,100,000. Fedha zilizopelekwa benki tarehe 31 ambazo hazijasomeka 900,000. Tofauti iliyobaki 280,000, tazama swali la 1."

Fanya hesabu uone: 51,730,000 toa 4,100,000 jumlisha 900,000 ni 48,530,000. Vitabu vinasema 48,250,000. Hiyo 280,000 ipo benki lakini haipo vitabuni. Hapa ndipo wengi hukosea: ili ulinganisho ufunge, wanaitupia kwenye mauzo au kwenye akaunti ya kusubiria, na tofauti inatoweka machoni. Haijatatuliwa. Mkaguzi akiikuta mwenyewe ataanza kujiuliza ni mangapi mengine yamefunikwa, na atapanua sampuli yake. Iache ionekane, kisha iulize.

Swali la wazi lina sehemu nne: kiasi, kinachojulikana, athari yake kwenye hesabu, na nani atajibu lini. Swali la 1 litasomeka hivi:

"Tarehe 29 Desemba 2024 kumeingia 280,000 taslimu kupitia wakala, jina la mwekaji halisomeki (kiambatisho 03, ukurasa wa mwisho). Hatujaiingiza vitabuni. Ikiwa ni mteja amelipa deni, faida haiguswi, wadaiwa watapungua. Ikiwa ni malipo ya awali, ni deni letu kwake. Ikiwa ni mauzo yasiyorekodiwa, inagusa mauzo na VAT. Tumeiomba benki hati ya kuweka fedha. Mhasibu atajibu kufikia Ijumaa."

Mkaguzi akisoma hayo hana haja ya kukupigia simu.

Swali la 2 ni la mpaka wa mwaka, na kwenye biashara ya bidhaa usikose kulitafuta. Mifuko 200 ya saruji ilipokelewa stoo tarehe 30 Desemba. Hati ya kupokelea mzigo inaonyesha hivyo. Ankara ya muuzaji ina tarehe 4 Januari 2025, na mhasibu ameiingiza Januari. Kwa shilingi 12,500 kwa mfuko kabla ya VAT, mzigo ni 2,500,000. Stoo ilihesabiwa tarehe 31, kwa hiyo mifuko imo kwenye thamani ya stoo, lakini manunuzi na deni la muuzaji havimo mwaka 2024. Faida imezidi kwa 2,500,000 kamili, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 hilo ni 750,000 zaidi ya inavyostahili. Namna ya kuligundua ni rahisi: chukua hati za kupokelea za siku kumi za mwisho wa Desemba na ankara za siku kumi za mwanzo wa Januari, uzipange sambamba. Ambatisha nakala za zile zinazovuka mpaka, na pendekeza marekebisho yako badala ya kuyaingiza kimyakimya baada ya urari kwenda.

Swali la 3 si la mhasibu kabisa. Mteja mmoja anadaiwa 6,400,000 na hajalipa chochote tangu Machi 2024. Kama deni hilo litatengewa hasara, nusu au lote, huo ni uamuzi wa mkurugenzi. Andika hivyo wazi, taja barua za kudai zilizopo, na mnakili mkurugenzi kwenye barua pepe hiyo. Mhasibu mchanga anayejiamulia hapa anabeba mzigo usio wake.

Orodha ya mishahara ifungwe kwa nywila, na nywila itumwe kwa simu, si kwenye barua ileile. Gmail ya kawaida hutuma viambatisho hadi megabaiti 25 kwa barua moja. Taarifa za benki zilizoskaniwa huvuka hapo upesi, basi tuma kwa barua mbili na uandike kwenye kichwa "1 kati ya 2".

Swali likijibiwa, usilifute wala usibadilishe namba za mengine. Liandike "limefungwa", na jibu na tarehe. Urari ukibadilika, tuma `01_Urari_31Des2024_v2.xlsx` ukitaja akaunti zilizoguswa: "Manunuzi na wadai vimeongezeka 2,500,000, swali la 2." Faili mpya yenye jina la zamani itamfanya mkaguzi akague urari ambao wewe umeshauacha.