Kabla ya kuitunza Postgres mwenyewe, hesabu saa za injinia wako

Timu ndogo zikiniuliza kama hifadhidata ya Postgres ikae kwenye seva ya kukodi wanayoitunza wenyewe, au wailipie kampuni ya klaudi iwatunzie, kwa kawaida huwa wameshalinganisha bei mbili na kushtuka. Nichukue mfano wa timu yangu: watu watatu, ofisi Ngong Road, mfumo wa mauzo wa maduka ya vifaa vya ujenzi, hifadhidata ya gigabaiti 40 hivi, na malipo ya M-Pesa yanaingia mchana kutwa.

Tuseme seva tupu ni dola 25 kwa mwezi, na huduma inayotunzwa ni dola 100. Dola ikiwa shilingi 130, tofauti ni shilingi 9,750. Injinia anayelipwa 160,000 kwa mwezi wa saa 160 anagharimu shilingi elfu moja kwa saa. Basi tofauti yote ile ni saa kumi za kazi, zikipungua kidogo. Kujitunzia kukila zaidi ya hapo, hujaokoa chochote.

Mwezi wa kawaida hakuli. Kusasisha programu na kuangalia diski ni saa mbili tatu, na mtu anaweza kwenda hivyo mwaka mzima akijiona mjanja. Saa zenyewe zimejificha kwenye bakapu.

Wengi wana `pg_dump`, amri inayonakili hifadhidata nzima, inayokimbia saa nane usiku. Seva ikifa saa kumi na moja jioni, mauzo ya saa 15 yamekwenda. Pesa za M-Pesa utazikuta kwenye taarifa ya Paybill, mtu akae azilinganishe moja moja. Ila saruji iliyouzwa kwa pesa taslimu haina kumbukumbu popote.

Dawa yake ni kuhifadhi WAL, yaani kumbukumbu ambamo Postgres huandika kila badiliko kwanza. Hukatwa vipande vya megabaiti 16, na zana kama pgBackRest au WAL-G huvipeleka nje ya seva. Ukiwa na bakapu kamili moja pamoja na vipande vilivyofuata, unaweza kurudi hadi dakika unayoitaka. Biashara ikiwa pole, kipande huchelewa kujaa, kwa hiyo weka `archive_timeout` ya dakika moja au mbili ili kipelekwe hata kabla hakijajaa.

Hapo ndipo penye mtego. Upelekaji ukikwama, kwa mfano nywila ya hifadhi ya nje imebadilishwa, Postgres haifuti vipande ambavyo havijafika. Saraka ya `pg_wal` inavimba kimyakimya, diski inajaa, na hifadhidata inasimama. Dalili unaziona mapema ukiuliza:

```
SELECT last_archived_time, failed_count, last_failed_time
FROM pg_stat_archiver;
```

`failed_count` ikipanda huku `last_archived_time` ikibaki palepale, shughulikia siku hiyohiyo.

Na hata bakapu iliyofika haijathibitika mpaka uirudishe. Kampuni ya GitLab walieleza wenyewe hadharani: tarehe 31 Januari 2017 injinia wao alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Walipokimbilia bakapu za `pg_dump` hawakukuta kitu, kwa sababu chombo cha toleo 9.2 kilikuwa kinatumiwa kwenye hifadhidata ya 9.6 na kilikuwa kinashindwa kila mara. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla. Kwa hiyo kila mwezi washa mashine mpya, rudisha, pima muda, kisha hesabu mauzo ya jana kama yametimia. Hiyo ni nusu siku. Zile saa kumi sasa zinaonekana zinakokwenda.

Huduma inayotunzwa hukufanyia haya. RDS ya Amazon, kwa mfano, hutunza bakapu hadi siku 35 na hukurudisha kwenye sekunde unayoitaka, kwa kawaida mpaka dakika tano zilizopita. Lakini kurudisha huunda hifadhidata mpya yenye anwani mpya, na ni wewe utakayeelekeza programu yako huko. Hilo pia lahitaji mazoezi. Mamlaka kamili ya `superuser` hupati, na viendelezi ni vile tu walivyoviruhusu.

Halafu kuna dola. Mapema 2024 ilifika karibu shilingi 160, na bili ya 13,000 ikawa 16,000 bila wewe kuongeza hata jedwali moja. Umbali nao usiupuuze: ukiweka hifadhidata Cape Town, programu nayo ihamie huko. Ukurasa unaouliza maswali 30 moja baada ya jingine, kila moja likichukua milisekunde 60 kwenda na kurudi kutoka Nairobi, unamngojesha mteja karibu sekunde mbili.

Sisi mauzo na malipo tumeyaacha kwa huduma ya kulipia. Hifadhidata ya ripoti, ambayo ikifa tunaijenga upya kutoka ile kuu, iko kwenye seva ya bei rahisi, na huko tunasakinisha kiendelezi chochote tunachotaka.