Umehesabu Watu au Umehesabu Fursa?

Wadogo zangu wa intanishipu, msimu wa mapendekezo ya ukaguzi umefika, na ile sentensi yetu ya kila mwaka imerudi: "Tutaangalia wahudumu 50 na kuhesabu wangapi walinawa mikono." Mnarithishana wapi hii? Kabla hamjaipeleka kwa msimamizi, soma.

1. Andika kiwango kabla ya kupima chochote. Kipimo ni nyakati 5 za kusafisha mikono za Shirika la Afya Duniani, na lengo la asilimia mnakubaliana na kamati ya kuzuia maambukizi ya hospitali yenu. Bila hilo mnatalii wodini.

2. Kigawanyo. Hapa ndipo pendekezo zima huoza, tena kimyakimya, maana majedwali yatatoka mazuri na hakuna atakayeshtuka.

Mtu mmoja hanawi mara moja. Kinachohesabiwa ni fursa, yaani kila mara kazi inapodai mikono isafishwe, awe ameisafisha au hajaisafisha. Mfuate sista mmoja katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Anafika kitanda cha 4 na kushika mkono wa mgonjwa kupima mapigo, hajasafisha mikono. Anavuta troli, anavaa glavu bila kusafisha, anafunga kidonda. Anavua glavu, anajipaka sanitaiza, anaenda moja kwa moja kitanda cha 5 kupima presha. Akimaliza anajipaka tena, kisha anarudi mezani kuandika faili.

Fursa ni ngapi? Ya kwanza ni kabla ya kumgusa mgonjwa. Ya pili ni kabla ya kazi safi ya kidonda. Ya tatu ndiyo inayowachanganya: amevua glavu baada ya hatari ya majimaji ya mwili, anamwacha mgonjwa wa kitanda cha 4, na anakwenda kumgusa wa kitanda cha 5. Sababu 3 zimekutana, lakini usafishaji mmoja unazitosha zote, basi ni fursa moja. Ya nne ni baada ya kumgusa mgonjwa wa pili. Fursa 4, amesafisha mara 2: asilimia 50.

Sasa mwone anayehesabu watu: sista alionekana akijipaka, weka tiki, asilimia 100. Anayehesabu sababu badala ya fursa anapata 6, kati yake 4 zimetimizwa: asilimia 67. Sista ni yule yule, dakika ni zile zile, majibu matatu. Mkikagua tena baada ya miezi mitatu kwa mwangalizi anayehesabu kivingine, mtatangaza maendeleo ambayo hayapo, na mganga mkuu atawapigia makofi.

Basi kwenye pendekezo andika wazi: fursa zilizosafishwa, gawanya kwa fursa zote zilizoonekana, zidisha kwa 100. Glavu si usafishaji; akivaa bila kusafisha, fursa imepotea. Chupa ikiwa tupu, fursa bado imepotea, ila andika pembeni kwamba dawa haikuwepo, kwa sababu dawa ya tatizo hilo iko stoo, wala hutaipata kwenye semina. Akiingia nyuma ya pazia, usibahatishe: hukuona, hukuandika.

Na kabla ya kuanza, waangalizi wawili wamtazame mhudumu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na fomu yake, kisha walinganishe. Fursa zao zikitofautiana, rudini darasani, wodi isubiri.

3. Idadi. Lengeni fursa 200 kwa kila wodi kwa kila awamu. Ukiona 12 kati ya 30, umepata asilimia 40, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya 22 na 58 hivi. Kwa 80 kati ya 200, uwanja unabana hadi takriban 33 na 47. Kila kikao kiwe kama dakika 20, na msiwafuate zaidi ya watu 3 kwa mpigo. Zamu ya usiku na Jumapili ziingie pia. Najua mnapenda saa nne asubuhi, baada ya chai.

4. Barua ya ruhusa ya mganga mkuu mapema, na kamati ya maadili iulizwe kwa maandishi kama inataka kulipitia pendekezo. Majina ya wahudumu yasionekane kwenye fomu, kada inatosha.

5. Watu wakiona fomu, wananawa. Hilo halizuiliki, ila linapimika: andika lita za sanitaiza zilizotumika kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Lita 6 kwa mwezi, wodi yenye wagonjwa 30 kwa siku 30, ni siku 900, yaani takriban lita 6.7 kwa kila siku 1,000. Pima wiki mliyokuwepo na wiki ambayo hamkuwepo. Matumizi yakishuka mara tu mlipoondoka, ile asilimia yenu nzuri ilikuwa ya fomu, na iandikwe hivyo kwenye ripoti.