Watu sita mezani: waingize kidogo kidogo

"Wahusika wangu sita wanakula usiku nyumbani Temeke, ila walionisomea muswada wanapotea, hawajui nani ni nani. Nifanyeje?"

Ndugu, usiwakalishe wote kwa mpigo. Anza na wawili, tuseme: Mama anapakua wali, Bakari anataka nyumba ya marehemu iuzwe. Wengine waingie mmoja mmoja, kila mmoja akitajwa jina na mwenzake kabla hajafungua mdomo. Kila mtu awe na anachokitaka palepale mezani: shangazi anakwepa habari za hati ya nyumba, Neema anataka kuondoka mapema. Mabishano yabaki ya wawili. Wa tatu akidakia, mmoja wao anyamaze. Aliyekaa kimya ukurasa mzima mpe tendo, hata kusukuma sahani, la sivyo hadhira itamsahau. Halafu funika majina ya wasemaji usome. Mstari ambao yeyote angeweza kuusema, uandike upya.