Kamera ya gari na ushahidi wa ajali

"Naruhusiwa kurekodi wenzangu barabarani, na nikigongwa video itanifaa?"

Inategemea nchi, ndugu. Aliyesema barabara ni ya umma, rekodi tu, kapatia nusu. Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2018 kwamba kurekodi mfululizo bila sababu kunakiuka sheria ya faragha, lakini video hiyohiyo yaweza kupokelewa kama ushahidi wa ajali. Kwa hiyo wape polisi na bima, usiirushe mitandaoni.

Kinachowaponza wengi ni kadi. Kamera hurekodi vipande vya dakika chache, na kadi ikijaa hufuta vya zamani. Mgongano mkubwa hufunga kipande kisifutwe, ila ukikwaruzwa polepole kihisi kinaweza kisishtuke. Basi zima kamera palepale, chomoa kadi, nakili faili zima bila kulikata.

Mimi niligongwa ubavuni kwenye makutano. Taa yangu ilionekana kijani kabisa, lakini saa ya kamera ilikuwa nyuma kwa saa tatu, bima wakaishuku video wiki nzima. Angalia saa yako leo. Na kama ulikuwa unakimbiza gari, video itakuonyesha na wewe.

Na wewe uliyesema kamera ya kurudi nyuma inatosha kwa ushahidi, nyingi hazirekodi chochote.