Oda mbili, pea moja: stoku ikatwe wapi hasa

"Wakuu nina duka la viatu mtandaoni, PHP na MySQL. Jana pea ya mwisho namba 42 imenunuliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, wote wamelipa, na stoku inasoma 0 kama hakuna kilichotokea. Nimeweka START TRANSACTION na COMMIT lakini wapi. Nifanyeje?"

Mkuu, hiyo 0 ndo inayokuficha ukweli. Ingesoma -1 ungeshtuka siku ileile. Ukiona 0 na oda ziko mbili, ujue hesabu inafanyika kwenye PHP: unasoma stoku unapata 1, unatoa moja kichwani mwa programu, alafu unarudi kuandika 0. Sasa mteja wa Tegeta kabonyeza nunua, seva ikasoma 1. Kabla haijaandika, wa Mbagala naye kabonyeza, ikasoma 1 ileile. Wa kwanza kaandika 0, wa pili kaandika 0 juu yake, kila mtu kapewa namba ya oda. Na hiyo ya pea ya mwisho ni afadhali maana mtu analalamika. Zikiwa 5 wakanunua wawili pamoja, kwenye sistimu inabaki 4 wakati kabatini ziko 3 na hamna atakayepiga simu, utakuja kuhesabu mzigo mwisho wa mwezi uanze kumshuku kijana wa dukani bure.

Kuhusu transaksheni, haijakusaidia kwa sababu SELECT ya kawaida kwenye InnoDB haifungi chochote. Inakuonyesha picha ya data ilivyokuwa, basi, na mwenzako anaonyeshwa picha hiyohiyo. Ungeongeza FOR UPDATE mwishoni mwa SELECT ingefunga mstari na ingefanya kazi, ila kwa kukata stoku tu mi naona ni mzunguko. Acha kusoma kwanza, mwambie databesi apunguze kwa sharti:

```sql
UPDATE bidhaa_saizi
SET stoku = stoku - 1
WHERE id = 47 AND stoku >= 1;
```

Alafu usiangalie stoku, angalia mistari mingapi imeguswa (kwenye PDO ni `rowCount()`). Ikiwa 1, pea ni yako, ingiza oda ndani ya transaksheni hiyohiyo ndo ufanye COMMIT. Ikiwa 0, imeisha, fanya ROLLBACK umwambie mteja samahani. Watu wengi wanaandika huo mstari vizuri kabisa alafu wanasahau kuangalia hilo jibu, kwa hiyo stoku haivuki sifuri lakini oda ya pili inaingia vilevile, tumerudi kulekule.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Fungua madirisha mawili ya mysql, weka stoku iwe 1. Dirisha la kwanza andika START TRANSACTION kisha hiyo UPDATE, usifanye COMMIT. Dirisha la pili andika UPDATE hiyohiyo, utaona inaganda, kishale kinawakawaka tu. Inamsubiri wa kwanza aachie mstari. Rudi la kwanza ufanye COMMIT, papo hapo la pili linajibu:

```
Query OK, 0 rows affected
Rows matched: 0  Changed: 0  Warnings: 0
```

Yaani alipofunguliwa ameangalia sharti upya na kukuta 0. Ukizubaa zaidi ya sekunde 50 bila COMMIT, la pili litakata tamaa na kukutupia kosa namba 1205, ndo muda wa kawaida wa InnoDB kusubiri kufuli.

Na weka `CHECK (stoku >= 0)` kwenye jedwali kama kinga ya nyuma, siku mtu mwingine akiandika kodi bila sharti databesi igome. Ila angalia toleo lako, MySQL kabla ya 8.0.16 inaipokea hiyo CHECK bila kulalamika na haifanyi chochote.

Sasa hapo umemaliza nusu, maana huku kwetu mtu halipi kwa sekunde moja. Anabonyeza nunua, ile meseji ya kuweka PIN inaruka kwenye simu yake, yeye yuko ndani ya mwendokasi kabanwa, au hana salio anamtumia meseji shemeji amrushie. Ole wako ushikilie transaksheni wazi muda wote huo, kila anayetaka kiatu hicho atakaa anasubiri mpaka ile 1205. Mi kwenye duka ninalolihudumia pale Kariakoo tunakata stoku mteja anapobonyeza, oda inaingia na hali 'inasubiri' na saa ya kuisha dakika 10 mbele, COMMIT, ndo tunatuma ombi la malipo. Kila dakika `cron` inapita kuachia zilizopitwa na muda.

Na hapo kwenye kuachia kuna mgongano mwingine uleule umevaa nguo tofauti: dakika ya 10 `cron` inafuta oda na sekunde hiyohiyo taarifa ya malipo inaingia. Dawa ni ileile, sharti ndani ya UPDATE:

```sql
UPDATE oda SET hali = 'imeisha'
WHERE id = 912 AND hali = 'inasubiri';
```

Imegusa mstari 1, ndo urudishe stoku +1, yote ndani ya transaksheni moja. Imegusa 0, usirudishe kitu, mwenzako wa malipo amewahi. Upande wa malipo nao unaandika 'imelipwa' kwa sharti hilohilo la 'inasubiri'. Ikirudisha 0, soma hali ya oda: kama tayari ni 'imelipwa' basi hiyo ni taarifa ya mara ya pili, zinajirudia sana hizo, ipotezee. Kama ni 'imeisha', pesa imechelewa, kwa hiyo jaribu kukata stoku upya kwa ile amri ya kwanza. Ikipatikana mpe kiatu chake, isipopatikana ingiza kwenye orodha ya kurudishiwa pesa na umpigie simu mwenyewe kabla hajakupigia yeye.

Mwenye kapu la vitu vingi, kata stoku ya kila kitu kwa mpangilio wa id, ndogo kwenda kubwa, la sivyo wateja wawili wenye vitu vilevile kwa mpangilio tofauti watasubiriana milele na MySQL itamuua mmoja kwa kosa 1213. Ukiipata hiyo 1213, rudia transaksheni nzima tangu mwanzo.

Kuna uvujaji ambao kodi haiuzibi. Kama pea hizo ziko kabatini na mteja wa miguu anaweza kuingia akazinunua kwa keshi, kijana akauza kwanza na kuingiza kwenye sistimu jioni, basi sharti lako linalinda namba tu, kiatu kimeshaondoka. Sisi tulimwekea kijana ukurasa kwenye simu, anatafuta saizi, anabonyeza uza, inapita amri ileile ya kwanza kabisa. Ikimjibu imeisha wakati kiatu anakiona mbele yake, maana yake kimeshikwa na mtu wa mtandaoni anayesubiri kuweka PIN, anamwambia mteja akae hapo dakika chache. Wateja wengine wananuna, wengine wanachukua rangi nyingine. Saizi ambazo zinagombaniwa kila wiki, 41 na 42, bosi alikubali pea moja ya mwisho isionekane kabisa mtandaoni, kwa hiyo kwenye kodi ya mtandao sharti ni `stoku >= 2`, ya dukani inabaki `stoku >= 1`.