Kredit noti kwa barua pepe: taja deni linalobaki

Katika kazi yangu ya uhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ofisi jijini Nairobi, kredit noti nyingi ninazoandika, yaani hati za kumpunguzia mteja deni la ankara, zinatokana na ankara iliyoandaliwa kwa kufuata oda ya mteja, ilhali mzigo uliofika ulikuwa pungufu. Chukua mfano wa ankara namba 0412, iliyodai katoni 40 za karatasi kwa Sh2,500 kila moja, yaani Sh100,000, ambazo pamoja na VAT ya asilimia 16 zilifika Sh116,000. Hati ya kupokelea mzigo, yenye sahihi na mhuri wa mteja, ilionyesha katoni 36.

Katoni 4 zilizozidishwa ni Sh10,000 na VAT yake ni Sh1,600, kwa hiyo kredit noti ni ya Sh11,600. Ukiisahau VAT hiyo, mteja atabaki akidaiwa kodi ya bidhaa ambazo hakuzipokea. Ankara ya kwanza haiguswi, kwa kuwa imekwishapita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kredit noti hutolewa humo humo ikitaja namba ya ankara hiyo, na sheria ya VAT ya Kenya inataka itolewe kabla ya miezi 6 kupita tangu tarehe ya ankara.

Barua yenyewe huwa hivi:

> Mada: Kredit noti KN 019 ya ankara 0412
>
> Kwa Mhasibu,
>
> Ankara yetu 0412 ilidai katoni 40, lakini hati ya kupokelea mzigo inaonyesha kuwa mlipokea 36. Tunaomba radhi kwa kosa hili. Tumeambatisha kredit noti ya Sh11,600, VAT ikiwemo. Kiasi mnachopaswa kulipa sasa ni Sh104,400 badala ya Sh116,000. Hatutatuma ankara nyingine kwa mzigo huu.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Wapo wanaotuma kredit noti ya kiasi kilichozidi pamoja na ankara mpya ya kiasi sahihi, wakiamini wanamrahisishia mteja kazi, kumbe karani wa upande wa pili huziingiza hati zote tatu vitabuni: 116,000, kutoa 11,600, kuongeza 104,400, na deni linakuwa Sh208,800. Ukitaka kutoa ankara mpya, kredit noti iwe ya Sh116,000 zote ili ifute ile ya kwanza. Mimi hutumia njia hiyo pale kosa linapokuwa kwenye jina au PIN ya mteja, kwa sababu hapo kupunguza kiasi hakurekebishi chochote.

Kabla ya kutuma, tazama taarifa ya benki. Huenda mteja alikwisha kuhesabu katoni zake akalipa Sh104,400, na hapo barua inapaswa kusema kwamba hakuna deni lililobaki, la sivyo atazikata Sh11,600 mara ya pili kwenye ankara ijayo. Kama alilipa Sh116,000, muulize iwapo angependa arudishiwe fedha hizo au zikatwe kwenye ankara inayofuata, na upate jibu lake kwa maandishi.